Baba Mdogo Asiyehesabika

Mwaka 2024 mwanangu alipopata nafasi ya kuingia Mwaka wa Tisa kwenye shule moja ya binafsi katikati ya Uingereza, jambo moja tu halikutusumbua: atakaa wapi. Baba yake mdogo yuko Leicester zaidi ya miaka ishirini, ana pasipoti ya Uingereza, ana mke na watoto watatu, na kutoka kwake hadi shuleni ni kama nusu saa kwa gari. Shule ina wanafunzi wa kutwa na wa bweni. Ada ya kutwa ilikuwa kama pauni 17,000 kwa mwaka, ya bweni pauni 33,000. Ni nani atakayelipia kitanda cha shule wakati mtoto ana kwao?

Nilijaza fomu ya shule jioni moja nikiwa nyumbani Dar. Mahali palipouliza mtoto ataishi na nani nikaandika jina la shemeji, na kwenye uhusiano nikaandika "uncle". Sikudanganya. Mtoto anamwita baba mdogo tangu alipoanza kusema.

Baada ya siku tatu mama wa udahili akapiga simu. Akanipongeza, akauliza hali ya hewa, kisha akauliza polepole: "Huyu mjomba ni ndugu wa baba wa mtoto, wa baba mmoja au mama mmoja?"

Nikamwambia ni ndugu yake kabisa. Akaomba vyeti vyao vya kuzaliwa, vyote viwili. Hapo ndipo nikaelewa anachotafuta. Mume wangu na shemeji ni watoto wa ndugu wawili. Baba zao walizaliwa tumbo moja, wao wamelelewa kwenye ua mmoja Tanga, wakala sinia moja. Kwetu hao ni ndugu, na mtoto wa mmoja ni mtoto wa mwingine. Ukimwita "binamu" watu wazima watakuuliza ni kitu gani kimetokea baina yenu. Lakini vyeti vya kuzaliwa vina majina mawili tofauti ya baba, na kwa sheria ya Uingereza hiyo inatosha kumtoa mtu kwenye orodha.

Orodha yenyewe iko kwenye Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, nayo ni fupi: babu na bibi, kaka na dada, mjomba na shangazi, na mzazi wa kambo. Wanakubali wa baba mmoja mama mbalimbali, na wanakubali wa ndoa, kwa hiyo mume wa mama mkubwa anaingia bila shida hata kama hajawahi kumwona huyo mtoto. Mama mkubwa na mama mdogo mwenyewe anaingia, maana kwao ni shangazi tu. Ila neno mjomba kwao maana yake ni ndugu wa mzazi wa mtoto. Binamu wa mzazi hayumo, awe amekulia naye chumba kimoja au la.

Mtu asipokuwa kwenye orodha hiyo, kukaa na mtoto wa mwenzake aliye chini ya miaka 16 kwa siku 28 au zaidi kunageuka kuwa malezi ya kambo ya binafsi. Si kosa kufanya hivyo, watu wengi wanafanya. Lakini halmashauri ya eneo hilo inatakiwa ijulishwe angalau wiki 6 kabla mtoto hajahamia. Afisa wa ustawi wa jamii anakuja nyumbani, anaangalia mtoto atalala wapi, anaongea na mtoto mwenyewe, na watu wazima wa nyumba wanachunguzwa rekodi za jinai. Kisha anaendelea kuja kila baada ya muda.

Nilimpigia shemeji kumweleza. Alinyamaza kwanza.

"Yaani, shemeji, waje kukagua nyumba yangu kwa ajili ya mtoto wangu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Kama nimemwiba?"

Sikuwa na jibu. Nilimwelewa. Lakini baadaye nilipopoa niliona pia upande wa wale watu. Nyumba yake ina vyumba viwili na watoto watatu. Afisa angeuliza kitanda cha nne kiko wapi, na sisi wote tulikuwa tumepanga kusema "watabanana". Tanga kubanana ni raha. Kwenye ripoti ya ustawi wa jamii hakuna kisanduku cha raha.

Bado tungeweza kuipita njia hiyo, kama shule ingekubali. Haikukubali. Shule inayompa mtoto udhamini wa viza inabeba dhamana ya mahali anapoishi, na yetu ilikuwa na utaratibu wake: mwanafunzi wa viza aliye chini ya miaka 16 anakaa bweni au kwa ndugu wa karibu wa kisheria, basi. Kwa hiyo hesabu ya pauni 17,000 ilikufa siku ile. Hesabu hiyo nayo haikuwa kamili, nilikuja kugundua. Kwa anayekaa kwa ndugu, maafisa wa viza wakati ule walitaka uonyeshe ada na juu yake pauni 570 kwa kila mwezi hadi miezi 9, yaani pauni 5,130 nyingine. Na usifikiri mama anaweza kuhamia huko akampikie mwanawe: viza ya mzazi wa kumfuata mtoto ni kwa watoto wa miaka 4 hadi 11 tu. Wangu alikuwa na 13.

Tukaenda bweni. Shemeji akabaki na kazi nyingine, ya mlezi wa huko, na hapa inabidi nieleze vizuri maana watu wengi huchanganya, na mimi nilichanganya.

Kwa mtoto wa bweni, sheria za viza hazimtaki mlezi. Shule ndiyo inayomtaka. Maafisa wa viza wanataka kujua mtoto atalala wapi na nani ana dhamana naye, na bweni linajibu swali hilo. Ila bweni hufungwa. Shule yetu hufunga katikati ya kila muhula, Oktoba, Februari na mwisho wa Mei, na kuna wikendi ambazo watoto wote hutolewa. Mtoto akipata ugonjwa wa kuambukiza, akisimamishwa masomo, ndege ikiahirishwa, lazima awepo mtu mzima ndani ya Uingereza wa kupokea simu usiku wa manane na kuja kumchukua. Huyo ndiye mlezi. Fomu ya shule yetu ilitaka awe na miaka 25 au zaidi, asiwe mwanafunzi, na akae umbali usiozidi saa mbili. Shemeji alipita yote. Na kwa kuwa mapumziko ya katikati ya muhula ni wiki mbili kwa mengi, zile siku 28 hazifikiwi, kwa hiyo halmashauri haiingii. Likizo kubwa mtoto anarudi nyumbani.

Sasa karatasi.

Kwenye ukurasa wa maombi unachagua "Child Student". Bila namba ya CAS, yaani uthibitisho wa shule kwamba imempokea mtoto, hufiki mbali, maana humo ndimo kumeandikwa kozi, tarehe, ada na kiasi ulichokwisha kulipa. Ada ya viza wakati ule ilikuwa pauni 490. Iliyotushtua ni ada ya afya, ambayo hulipwa ya miaka yote kwa mkupuo. Kwa mtoto ni pauni 776 kwa mwaka, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hulipiwa nusu. Masomo yalikuwa Septemba 2024 hadi Julai 2027, lakini viza huongezewa mwezi mmoja kabla ya masomo na minne baada yake, kwa hiyo ikawa miaka mitatu na miezi mitatu: mara tatu 776, na 388 juu yake. Pauni 2,716. Ukijumlisha na ile 490 ni 3,206, na unalipa kwa kadi palepale kwenye skrini. Kadi yangu ilikataa mara mbili kwa sababu ya kiwango cha matumizi cha siku, nikaenda benki kupandisha.

Kipimo cha kifua kikuu nacho ni lazima kwa anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Tulifanya kwenye kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, Dar es Salaam. Mtoto wa miaka 11 na kuendelea hupigwa picha ya kifua. Cheti chake hudumu miezi 6, kwa hiyo usiwahi sana.

Barua ya ridhaa ya wazazi ndiyo niliyodhani ni rahisi kuliko zote. Nilimwendea wakili mmoja mjini, akanitengenezea kiapo kizuri cha kurasa mbili chenye mhuri, kikisema kwamba sisi wazazi tunamruhusu mtoto kusoma Uingereza na tutagharamia masomo yake. Nikamtumia mama wa udahili aangalie. Akarudisha na alama mbili pembeni. Barua ilikuwa imesema jambo moja kati ya matatu.

La kwanza ni kuridhia maombi yenyewe ya viza. Hilo lilikuwemo. La pili ni kuridhia makazi na malezi yake huko: ataishi bweni la shule fulani, anwani hii, na mapumzikoni atakuwa kwa mlezi fulani, anwani hii, simu hii. La tatu, kama anasafiri peke yake, ni kuridhia safari na namna atakavyopokelewa: anaondoka na ndege ipi ya tarehe ipi, anashukia uwanja gani, na nani atasimama pale kumpokea. Kama tiketi bado, andika mpango. Halafu wasaini wazazi wote wawili. Mmoja akisaini peke yake lazima aonyeshe kwamba ndiye pekee mwenye dhamana ya mtoto, ama kwa cheti cha kifo cha mwenzake ama kwa hukumu ya mahakama. Kusema "baba yake hayupo karibu" si hoja. Najua dada mmoja aliyelea mwenyewe miaka kumi, baba hajulikani aliko, na ikambidi aanzie mahakamani.

Baba wa mtoto wangu yupo, ila anafanya kazi Muscat. Nikaiandika barua upya, ukurasa mmoja, aya tatu kwa mambo matatu. Nikasaini, nikampa mtu anayesafiri, mume wangu akasaini upande wake na kuirudisha kwa njia ileile. Tulitaka saini mbili kwenye karatasi moja. Pengine ilikuwa ushamba wangu, lakini nililala vizuri.

Barua iliporudi ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa kimekaa mbele ya macho yangu miaka kumi na tatu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cha RITA, kinamwita baba yake Hamisi. Pasipoti ya baba yake inasema Khamis. Sisi wa pwani hatuoni tofauti. Karani aliyeandika cheti aliandika alivyosikia. Lakini mtu wa viza anatakiwa aunganishe aliyesaini barua na aliyetajwa kwenye cheti, na ana karatasi tu mbele yake. Safari hii wakili alifaa: mume wangu alikula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, tukaambatanisha. Kagua majina kabla hujaanza lolote, yako, ya mwenzako na ya mtoto, herufi kwa herufi, pamoja na majina ya babu.

Kilichokaribia kutuangusha ni benki.

Kwa mtoto wa bweni unaonyesha ada ya masomo na ya bweni ya mwaka wa kwanza, ukiondoa kiasi ambacho shule imekiri kwenye CAS kwamba imekwisha kupokea. Sisi tulikuwa tumelipa pauni 11,000, zikabaki 22,000. Fedha hizo zinatakiwa zikae kwenye akaunti ya mzazi siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 unapotuma maombi. Tazama namba 28 inavyotufuata: siku 28 za halmashauri, siku 28 za benki. Mume wangu alikuwa anacheka.

Akaunti yangu ni ya shilingi. Mwezi Juni pauni ilikuwa kama shilingi 3,330, kwa hiyo 22,000 zilikuwa kama milioni 73.3. Tukaweka milioni 74 na kuapa kutozigusa. Hatukuzigusa. Fundi alikuja kudai fedha za dari nikamwambia arudi Agosti.

Ila wanaobadilisha shilingi kuwa pauni hawatumii bei ya Juni. Wanatumia bei ya siku unayotuma maombi, na wao huchukua ile ya tovuti ya OANDA. Siku ya 29, mwishoni mwa Julai, nilifungua tovuti hiyo ili tu nijiridhishe, nikaona pauni imefika kama 3,450. Nikapiga kwenye simu: 22,000 mara 3,450 ni milioni 75.9. Sisi tuna 74. Fedha zilizokaa kimya mwezi mzima bila kupungua hata senti zilikuwa zimepungua.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kuongeza milioni mbili. Usifanye hivyo ukatuma kesho yake. Taarifa ya benki itaonyesha wazi kwamba siku 27 zote za nyuma ulikuwa chini ya kiwango, na kiasi kipya kinaanza kuhesabiwa upya. Siku nyingine 28 zingetupeleka mwisho wa Agosti, muhula unaanza wiki ya kwanza ya Septemba, na uamuzi wenyewe huchukua kama wiki tatu.

Aliyetuokoa ni mhasibu wa shule, mzee mmoja aliyezungumza kama anahesabu sarafu. Alisema: "Usipandishe akaunti. Punguza deni." Mume wangu akatuma pauni 2,000 moja kwa moja shuleni kutoka Muscat, kwenye mshahara wake, bila kupitia akaunti yangu. Fedha zilipofika, shule ikarekebisha CAS ionyeshe imepokea 13,000. Deni likawa 20,000, ambalo kwa bei ya siku ile ni milioni 69. Milioni 74 zangu zilizokaa siku 28 zikatosha na kubaki. Kama zile 2,000 zingetoka kwenye akaunti yangu tungekuwa tumejichimbia shimo, maana milioni 6.9 zingeondoka na ningebaki na 67.1 dhidi ya 69. Hilo la mfuko gani umetoa ndilo lililobeba jambo zima. Nikiweka tena nitaweka zaidi kwa sehemu ya kumi, na fundi wa dari atangoja hadi Septemba.

Kituo cha maombi tulikwenda sote wawili, kwa sababu mtoto hawezi kutoa alama za vidole bila mtu mzima pembeni. Viza ikatoka wiki ya mwisho ya Agosti. Ilikuwa stika ya siku 90 kwenye pasipoti, na kadi ya ukaazi ikamsubiri shuleni. Kadi ilipofika mwanangu alinipigia akiwa amechanganyikiwa: imeandikwa mwisho 31 Desemba 2024. Haikuwa kosa. Kadi zote zilikuwa zinaandikwa tarehe hiyo kwa kuwa wanahamia mfumo wa mtandaoni wa eVisa, ruhusa yenyewe ilikuwa palepale hadi 2027. Shule ilitusaidia kufungua akaunti yake. Lakini usiku ule sikulala.

Uwanja wa Julius Nyerere afisa uhamiaji aliuliza barua ya wazazi. Heathrow wakamuuliza anayempokea ni nani na simu yake. Nakala ilikuwa kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku, na simu ya shemeji aliijua kwa kichwa.

Ningependa kusema baada ya hapo mambo yalitulia. Oktoba bweni likafungwa wiki mbili, shemeji akaja kumchukua na wali wa nazi kwenye gari. Mtoto alifurahi sana. Wiki ya pili mke wa shemeji akapata msiba Tanga, akasafiri ghafla. Shemeji anafanya kazi ya ghala, zamu ya usiku. Kwa usiku nne nyumba ilikuwa na watoto wanne, mkubwa wao ana miaka 15. Hakuna aliyeniambia, na ningeambiwa nisingeona ajabu: mimi mwenyewe nikiwa na miaka 12 nililala na wadogo zangu mama akiwa hospitali.

Mtoto aliporudi, mlezi wa bweni alimuuliza, kama anavyowauliza wote, likizo ilikuwaje na nani alikuwa nyumbani. Mwanangu akajibu ukweli. Jumatatu simu ikaja. Hawakupiga kelele, wala hawakumlaumu shemeji kwa ubaya. Walisema tu kwamba hawawezi kumwachia tena mtoto mahali ambapo hakuna mtu mzima usiku, na kabla ya Desemba tuwe tumeweka mlezi mwingine.

Desemba si mbali. Bweni linafungwa Ijumaa saa sita mchana, ndege yetu Jumamosi jioni. Usiku huo mmoja tu unahitaji nyumba.

Tukatafuta wakala wa walezi. Uingereza kuna chama kinachoitwa AEGIS ambacho huwakagua na kuwapa ithibati mawakala wa aina hii, na shule ilisema tuchague mwenye ithibati hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimeongea na mtu mmoja niliyeelekezwa na rafiki, aliyekuwa tayari kusaini fomu ya ulezi kwa malipo ya mwaka. Nilimuuliza mtoto atalala wapi Februari. Akasema, "Hilo tutaangalia ikifika." Huyo ni mlezi wa karatasi, na wapo wengi. Wa kweli hukuuliza kabla hujamuuliza. Wakala tuliyempata alitaka kujua mtoto anakula nini, anasali saa ngapi, ana mzio wowote, anaogopa mbwa, anajua kuogelea. Akaeleza kwamba nyumba ya familia mwenyeji huwa wao wenyewe wamekwenda kuiona, watu wazima wa humo wamechunguzwa rekodi za jinai, na mtoto ana chumba. Akanipa namba ya simu ya usiku. Niliijaribu saa nane za usiku Jumamosi, nikajifanya nimekosea. Ilipokelewa.

Unalipa ada ya mwaka, dhamana, na kila usiku mtoto anaolala kwa familia unahesabiwa. Si rahisi, na Januari 2025 serikali ya kule ikaanza kutoza VAT ya asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi, bweni likiwemo, kwa hiyo mwaka huo tulikata vingi. Familia ni wazee wawili, watoto wao wamekua. Mara ya kwanza mwanangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba chakula cha jioni kinaliwa saa kumi na mbili na hakuna anayekula tena hadi asubuhi. Mara ya pili bibi wa nyumba alikuwa amemnunulia nyama ya halali na kumwachia sahani kwenye friji yenye jina lake.

Shemeji ilimuuma. Miezi miwili hakupiga simu, kisha akaanza kwenda kumtazama akicheza mpira Jumamosi, na shule ikamwandika kwenye orodha ya wageni. Mahali pa uhusiano mama wa udahili aliniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike anachotaka.

Juzi shemeji kanipigia mwenyewe. Ameisoma ile sheria kuliko mimi sasa.

"Shemeji, Mei 2027 mtoto anatimiza kumi na sita, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi halmashauri haina neno tena. Nimeshaongeza chumba juu ya gereji. Kina kitanda."

Nikamwambia ngoja kwanza nimuulize mama wa udahili.